Ripoti ya fildi imerudishwa imeandikwa "hii ni shajara": naipangaje upya?

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma diploma ya ununuzi na ugavi, nimemaliza fildi wiki 8 kwenye stoo ya dawa hospitali ya wilaya. Ripoti yangu ina kurasa 31, supavaiza wa chuo kairudisha kaandika juu 'hii ni shajara sio ripoti, panga upya', alafu kwenye mapendekezo kapiga mstari mwekundu tu hajasema kitu. Nimebakiwa na siku 10. Nianzie wapi, na mapendekezo niandike nini maana pale wameishiwa kila kitu?"*

Marahaba mdogo wangu. Siku 10 zinatosha, na usiifute hio uliyoandika maana mali yote iko humo humo, shida ni kwamba umeipanga kwa tarehe. Wiki ya kwanza nilifanya hiki, wiki ya pili nikafanya kile, msomaji anafika ukurasa wa 20 hajui bado ulienda kutafuta nini na umerudi na nini. Ripoti za fildi nimezisahihisha miaka mingi na hili ndio kosa ninalokutana nalo kuliko yote, na linatokana na kitu kimoja, mwanafunzi anakaa na logibuku pembeni anainakili.

Ripoti ni uzi mmoja. Lengo ulilokwenda nalo linazaa kazi ulizofanya, kazi zinakupa kitu ulichokiona kwa macho na kukihesabu, hicho ndio kinazaa somo, na somo linazaa pendekezo. Mimi nikisahihisha huwa naanzia nyuma, nachukua pendekezo moja narudi nalo hadi nione limetoka kwenye kazi gani na lengo gani. Likikatika njiani, yaani pendekezo limetokea tu hewani, napiga mstari. Nadhani supavaiza wako kafanya hivo hivo.

Sasa kazi ya kwanza usiwashe hata kompyuta. Chukua logibuku yako na kalamu, pitia siku moja moja, na pembeni ya kila siku weka herufi ya kazi kubwa uliyoifanya siku hio: P kwa kupokea mzigo, T kwa kutoa dawa kwenda wodini na kwenye dirisha la dawa, H kwa kuhesabu na kujaza bini kadi, M kwa kuandaa maombi ya dawa, na N kwa mengineyo. Ukimaliza hesabu. Kuna binti nilimsimamia miaka ya nyuma alikuwa stoo kama hio yako, wiki 8 hizo hizo, siku 40 za kazi, zake zilitoka hivi: T siku 17, H siku 9, P siku 5, M siku 3, na N siku 6 ambazo ni kuchapa barua, kutumwa, kikao na sikukuu moja. Dakika 40 tu na tayari alishaona sura ya ripoti yake, kwamba nguvu yake iko kwenye kutoa dawa na kuhesabu, wakati rasimu yake ya kwanza ilikuwa na kurasa 6 za kupokea mzigo kwa sababu tu ile siku gari la Bohari ya Dawa lilipokuja ilimfurahisha.

Nitaendelea na huyu huyu maana kesi yake naikumbuka vizuri.

Sura ya kazi zilizofanyika, ndio moyo wa ripoti, ipangwe kwa aina ya kazi. Tarehe ziache kwenye logibuku, ndio maana unaiambatanisha au unaikabidhi. Kwa kila kazi unaeleza pale inafanyikaje, wewe mwenyewe ulifanya sehemu gani kwa mkono wako, na nini kilikuwa tofauti na ulivyofundishwa. Hapo katikati kwenye mkono wako ndipo wengi wanapotelea, wanaandika "dawa hupokelewa, hukaguliwa na kuhifadhiwa" utadhani wanaandika kitabu. Mimi nataka kujua wewe ulikagua nini. Uliangalia namba ya bachi na tarehe ya kuisha muda kwenye boksi ukalinganisha na hati ya kupokelea, au ulishika tochi tu wenzio wakihesabu? Kama ulishika tochi sema ulishika tochi, sio aibu, ila usiandike "tulikagua".

Ona alivyoeleza kuhesabu. Siku moja Jumatatu alikuwa na mkuu wa stoo wanahesabu rafu ya antibaiotiki. Bini kadi ya amoksilini ya vidonge ilisema salio ni makopo 36, kwenye rafu yakawepo 29. Wakahesabu tena, 29. Kanuni ya kadi unaijua, salio la mwanzo jumlisha yaliyoingia toa yaliyotoka, sasa kama hakuna kilichoingia maana yake kuna makopo 7 yametoka bila kuandikwa. Binti akaambiwa afuatilie. Akaenda dirisha la dawa akaomba hati za kuchukulia dawa za siku za nyuma, akakuta Jumamosi wamechukua makopo 4 na Jumapili 2, hati zipo zimesainiwa, ila zilikuwa zimekaa kwenye droo ya dirishani hazijarudi stoo maana wikiendi stoo inafunguliwa na wa zamu na yeye hana mazoea ya kugusa kadi. Hayo 6 yamepatikana. Likabaki kopo 1 ambalo hakuna aliyejua lilipo.

Umeona hio aya moja ina uzito kiasi gani? Mtu, kadi, namba, alichofanya, alichokuta. Alafu hakuishia hapo, aliomba ruhusa aendelee na dawa nyingine, na wakakubaliana achukue aina 40 zile zinazotoka sana kati ya kama 180 zilizopo stoo. Kwenye 40, kadi 26 zilikuwa sawa na rafu, 14 hazikuwa sawa, ni asilimia 35. Zile 14 akazifuatilia moja moja kama alivyofanya amoksilini: 9 ilikuwa ni hati za wikiendi na usiku zilizochelewa, 3 ni mzigo uliingia rafuni kabla haujaandikwa kwenye kadi, na 2 hakupata maelezo. Amoksilini aliiweka kwenye zile 9, akaandika wazi kwamba kopo 1 limebaki bila maelezo. Hakuandika limeibiwa. Hilo nalisisitiza sana, wewe ni mgeni wa wiki 8, unaandika ulichokiona na pale ulipoishia basi, maana hio ripoti inaweza kufika mezani kwa mganga mfawidhi na mtu akapata matatizo kwa neno lako moja.

Na aliandika pia mipaka ya alichofanya, kwamba 40 hakuzichagua kwa kuchanganya, ni zinazotoka sana, kwahiyo hio asilimia 35 haiwezi kusemewa stoo nzima kwa sababu dawa zisizotoka mara kwa mara kadi zake zinaguswa kidogo na makosa yake huenda ni machache. Sentensi mbili tu, ila ndio zilizonionesha kwamba anaelewa anachokifanya.

Tuje kwenye malengo. Malengo yako uliyaandika kabla hujaenda, au ulipewa na chuo, na mengi yanakuwa mapana mno, "kujifunza shughuli za stoo". Hilo huwezi kulipima. Kwenye ripoti liandike kwa namna ambayo mtu anaweza kuuliza je limetimia: kuweza kupokea mzigo na kuulinganisha na hati zake, kuweza kujaza bini kadi na kuhesabu rafu na kueleza tofauti inatoka wapi, kuweza kuandaa fomu ya maombi ya dawa. Kugeuza lengo pana liwe la kupimika ni ruhusa. Ila kubuni lengo jipya baada ya kurudi ili lifanane na ulichofanya, hapana, na kufuta lililoshindikana pia hapana. Yule binti alikuwa na lengo la nne, kushiriki mchakato wa zabuni, na wiki zote 8 hakukuwa na zabuni yoyote. Alitaka kulitoa. Nikamwambia liache, andika halikutimia, sababu hakukuwa na zabuni kipindi hicho, badala yake nilipewa faili la zabuni iliyopita nikalisoma nikaelewa hatua zake. Lengo lililokwama likiwa na sababu yake halikupunguzii maksi kwa msahihishaji mwenye akili, kinachopunguza ni malengo manne yote "yametimia kikamilifu" wakati logibuku inasema M siku 3 tu.

Mafunzo uliyoyapata. Hapa ndipo wengi wanaandika nimejifunza ushirikiano, nimejifunza kuwahi kazini, nimejifunza mawasiliano mazuri. Mi huwa najiuliza swali moja nikiyasoma, je mtu ambaye hakukanyaga hio stoo angeweza kuyaandika akiwa kwao kitandani? Kama ndio basi hayajatoka fildi. Somo ni kitu ulichokuwa unakiamini au hukijui, ukakutana na jambo, ukabadilika. Yule binti alivyokuta upungufu wa kwanza alidhani moja kwa moja ni wizi, na ndivyo alivyoandika kwenye logibuku siku ile. Baada ya kufuatilia kadi 14 akaelewa kwamba pale tatizo kubwa ni muda kati ya dawa kutoka na dawa kuandikwa, kadiri huo muda unavyorefuka ndivyo kadi inavyodanganya. Hilo ni somo, na lina ushahidi kurasa chache nyuma.

Alafu akaenda hatua moja mbele ambayo mimi ilinifurahisha kwa kweli. Alikuwa ameshiriki kuandaa maombi ya dawa zile siku 3, na aliona kwamba kwa baadhi ya dawa walikuwa wanajaza salio kwa kusoma kadi badala ya kwenda kuhesabu rafu. Sasa kiasi cha kuomba unakipata kwa kuchukua kiwango cha juu mnachotakiwa kuwa nacho ukatoa salio lililopo. Salio likiandikwa 36 badala ya 29, umeomba makopo 7 pungufu, na hayo 7 ndio yatakayokosekana kabla mzigo unaofuata haujaja. Kwahiyo hati iliyolala kwenye droo Jumamosi inakuja kuwa mgonjwa aliyeambiwa dawa hakuna mwezi unaofuata. Kaunganisha kazi mbili tofauti, H na M, hio ndio faida ya kupanga kwa kazi, kwenye shajara hizo siku ziko mbalimbali na usingeliona.

Changamoto wengi wanachanganya za aina mbili na ndio maana inakuwa mchanganyiko wa malalamiko. Kuna changamoto zako kama mwanafunzi, nauli, wiki ya kwanza kukosa wa kukuelekeza, kutopewa nywila ya mfumo wa kompyuta wa stoo. Na kuna matatizo ya kazi yenyewe, kama hizo kadi. Za kwako zitaje kwa ufupi, nusu ukurasa, na useme ulifanyaje. Za kazi zipe nafasi maana ndizo zinazoelekea kwenye mapendekezo.

Haya, mstari mwekundu. Bila kuiona ripoti yako nakisia umeandika serikali iongeze bajeti ya dawa, iajiri wafanyakazi wa kutosha, hospitali inunue vifaa vya kisasa. Sikatai kwamba ni kweli. Ila jiulize hio ripoti anaisoma nani? Mkuu wa stoo, mfamasia wa hospitali, na sisi wa chuo. Kati yetu hakuna anayeweza kuongeza bajeti ya serikali. Pendekezo zuri linamtaja anayeweza kulifanya kwa cheo chake, linasema afanye nini hasa, lini, na linaelekeza kwenye ukurasa ulipoona tatizo. Linganisha hivi:

"Hospitali iboreshe utunzaji wa kumbukumbu za stoo."

na hili la yule binti:

"Mkuu wa stoo aweke daftari moja la kutolea dawa nje ya saa za kazi, likae stoo mlangoni, wa zamu aandike jina la dawa, kiasi, na sahihi kabla hajafunga. Kila Jumatatu na kila siku baada ya sikukuu, kabla ya saa 3 asubuhi, karani wa stoo ahamishie yaliyomo kwenye bini kadi. Kati ya kadi 14 zenye tofauti, 9 zilitokana na pengo hili (ukurasa 17)."

La pili linagharimu bei ya kaunta buku. Na mkuu wa stoo akilisoma anajua kesho afanye nini. Pendekezo lake lingine lilikuwa salio la kwenye fomu ya maombi lijazwe baada ya kuhesabu rafu, angalau kwa zile dawa 40 zinazotoka sana, na alisema kwamba wao wawili walihesabu aina 40 kwa siku moja na nusu, kwahiyo mtu anajua ni mzigo kiasi gani anaombwa. Alikuwa na mapendekezo matatu tu kwa hospitali na moja kwa chuo, na la chuo lilikuwa bini kadi zifundishwe kwa kujaza kwa mkono kabla ya fildi maana yeye aliiona ya kweli kwa mara ya kwanza siku ya pili kazini. Manne yanatosha. Nikiona 12 najua hakuna hata moja lililofikiriwa.

Sasa wewe umesema pale wameishiwa kila kitu, na naelewa inauma ukiwa umesimama pale dirishani unarudisha watu. Usiliache, lakini lipe namba. Bini kadi yenyewe inakwambia, tafuta tarehe salio lilipofika sifuri na tarehe mzigo ulipoingia, hesabu siku katikati. Fanya hivo kwa vitu vitano sita, glavu, maji ya dripu, dawa mseto ya malaria, vyovyote ulivyoshughulika navyo. Alafu angalia kila kimoja kiliombwa lini na kikiwa kimebaki kiasi gani. Kama glavu ziliombwa zikiwa zimebaki za siku 3 na mzigo ukachukua wiki mbili, una pendekezo linalotekelezeka, kiwango cha chini cha kuombea kipandishwe. Kama waliomba mapema na kwa kiasi sahihi na bado hawakuletewa, basi sema hivyo, tatizo liko juu ya hospitali na umelionesha kwa kadi, hio ni tofauti kubwa na kulalamika. Kama huna hizo namba kwenye logibuku na hospitali iko karibu, nenda siku moja uombe kuangalia kadi, sidhani watakukatalia.

Sura ya taasisi nitaipita haraka. Kurasa 2 hadi 3, usinakili historia yote ya hospitali na dira na dhamira yao kutoka kwenye tovuti. Weka mchoro wa muundo wa hospitali na uoneshe stoo iko chini ya nani na wewe ulikuwa chini ya nani, sema stoo inahudumia wodi na vituo vingapi, ina watu wangapi. Kinachohitajika ni kile tu kitakachomsaidia msomaji kuelewa kazi zako mbele. Kwako kwenye kurasa 31 nisingeshangaa kama 9 ni historia, zipunguze.

Utangulizi na muhtasari viandike mwisho kabisa, siku ya 8 au ya 9, japo vinakaa mwanzoni. Muhtasari ni ukurasa mmoja: ulikuwa wapi na kwa muda gani, malengo gani, ulichokiona kikubwa na namba yake, ulichopendekeza. Mtu akisoma huo tu asiendelee awe amejua. Ukiuandika mwanzo utaandika ahadi, ukiuandika mwisho utaandika matokeo.

Vyuo vingi ripoti inatakiwa Kiingereza, kwahiyo hapa nimekueleza kwa lugha yetu ila ukiigeuza angalia njeo, ulichofanya kiwe wakati uliopita, utaratibu wa pale wa kila siku uwe wakati uliopo. Na mwongozo wa chuo chako ukisema sura ziwe tano zenye majina fulani, fuata hayo majina hata kama mimi nimeyapanga vingine, uzi unapita ndani ya majina yoyote.

Viambatisho weka jedwali lako kamili la dawa ulizohesabu, kadi inasema ngapi, rafu ngapi, tofauti, sababu. Weka bini kadi tupu na fomu tupu ya maombi, isiyojazwa. Usiweke picha ya rejista yenye majina ya wagonjwa wala cheti cha daktari, hata ukifuta jina kwa kalamu, na picha za stoo ziwe zile ulizoruhusiwa kupiga. Namba zote ulizochukua muoneshe mkuu wa stoo kabla hujaprinti, akuwekee sahihi kwenye rasimu, maana pia ndiye anayejua kama kuna hati uliyoikosa ikapatikana baadaye wewe ukiwa umeshaondoka. Mpigie leo umuulize ratiba yake, wengine hawa wanachukua likizo ghafla na fomu ya tathmini bila muhuri wa hospitali ripoti yako haipokelewi hata ingekuwa nzuri vipi.